Barua yangu ilikaa wiki tatu chini ya daftari la mahudhurio

Mwaka jana mwezi wa pili mwanangu wa darasa la tatu aliharisha siku nne mfululizo. Wenzake watatu wa dawati moja nao walikuwa hivyo hivyo. Zahanati tulipewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, na muuguzi akaniuliza kama shuleni kwao kuna mahali pa kunawa. Sikujua. Mtoto alikuwa anasoma pale mwaka wa tatu na sikuwa nimewahi kuuliza.

Jioni ile nikaamua kumwandikia mwalimu mkuu niombe nafasi ya kuzungumza na watoto mstarini kuhusu usafi. Mimi si mwalimu wala si mganga. Tuko kikundi cha akina mama sita hapa Morogoro, tunatengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwenye chupa za lita moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye liliniletea tatizo.

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono, kurasa mbili. Nilianza na hasira, nikaandika kwamba vyoo vya shule ni vichafu na watoto wanaugua. Nikaendelea na maneno niliyozoea kuyasikia kwenye semina: kuelimisha jamii, kubadilisha mtazamo, kutokomeza magonjwa. Muda niliomba "kama saa moja hivi". Vifaa sikuvitaja kabisa. Mwisho nikajitambulisha kwa jina la kikundi, na chini yake nikaweka namba ya simu ile ile iliyobandikwa kwenye chupa zetu. Nikaikunja, nikapanda bodaboda ya shilingi 2,000, nikamkabidhi mwalimu niliyemkuta barazani, nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu nikarudi shuleni. Mwalimu niliyemkabidhi alikuwa likizo ya uzazi, na hakuna aliyejua habari ya barua. Baada ya kutafuta sana ikapatikana chini ya daftari la mahudhurio la darasa la sita, bado imekunjwa. Sikuwa na nakala, sikuwa na muhuri wa kupokelewa, kwa hiyo hata ningetaka kulalamika ningelalamika na nini? Siku hizi barua natoa kopi mbili. Moja naiacha, ya pili inagongwa muhuri na kuandikwa tarehe nikiwa nimesimama pale pale. Kopi ni shilingi 200, na hata ukiongeza shilingi 1,500 za kuchapa steshenari, bado ni nafuu kuliko nauli ya kurudi kuulizia.

Mwalimu mkuu aliisoma nikiwa mbele yake. Ni mzee mpole, anasoma polepole huku kalamu mkononi. Alipomaliza ukurasa wa kwanza akaiweka mezani.

"Mama Nuru, hii ni barua ya ombi au ya mashtaka?"

Nikanyamaza.

Akafungua droo, akatoa karatasi ya takwimu za shule. Wanafunzi 640, wasichana 330 na wavulana 310. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Akanipigia hesabu mbele yangu: wasichana matundu 17, wavulana 13, jumla 30. Yeye anayo 10. Ameshaandika barua kwenda juu mara kadhaa. "Sasa wewe ukisimama mstarini ukawaambia watoto vyoo ni vichafu, walimu wangu wako nyuma wanasikiliza. Watoto watanawa baada ya hapo, au watatucheka?"

Aibu niliyoipata ilikuwa ya haki. Nilikuwa nimeandika tatizo lake, analolijua kuliko mimi, kana kwamba nimeligundua mimi jana. Barua ya ombi haihitaji kueleza shule ilivyo mbaya. Inatosha kutaja jambo dogo utakalolishughulikia na litakavyoonekana ukishaondoka.

Halafu akauliza maswali matatu ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu la mauzo, yapo hadi leo. Ukishaondoka, mtoto atafanya nini ambacho jana hakukifanya? Unataka dakika ngapi za kweli? Na maji unatoa wapi?

Hili la maji sikulitegemea. Bomba la shule lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, tena alfajiri. Mgeni anayekuja kufundisha kunawa akiwa na mikono mitupu anageuka mzigo, maana watoto watatumwa kisimani kuchota ndoo za kumfanyia maonyesho.

Swali la nne alilisema kwa upole zaidi, tukiwa tumeshasimama. "Hiyo sabuni utakayoisema ni sabuni gani?" Hapo nikaelewa kwamba namba yangu ya simu ilikuwa imesomeka vizuri kuliko barua nzima. Siwezi kusema sikuwa nimefikiria kabisa kwamba wazazi 600 wangesikia jina la kikundi chetu. Nilifikiria. Nikamwambia nitarudi na barua nyingine, sabuni itakuwa ya mche ya dukani isiyo na karatasi, na jina la kikundi halitatamkwa.

Kuna na hatua niliyokuwa nimeiruka. Mtu wa nje hawezi tu kuingia akasimama mbele ya watoto wa watu. Kwa mzazi kama mimi, kwa siku moja, mwalimu aliridhika na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa pamoja na nakala ya barua yangu kwenda kwa afisa elimu kata. Aliniambia ningekuja kama taasisi, au kwa shule zaidi ya moja, angenirudisha halmashauri nikaanzie kwa mkurugenzi. Utambulisho wa mtaa ulinichukua siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza mtendaji alikuwa kwenye kikao.

Barua ya pili ilinichukua jioni tatu, na nusu ya muda huo ilikuwa ni kufuta.

Lengo ndilo lililonisumbua zaidi. "Kuelimisha wanafunzi kuhusu usafi" ni lengo ambalo hata ukilala mstarini utalitimiza. Nikajaribu kuandika nyakati tano za kunawa kama zilivyo kwenye mabango ya zahanati, lakini mtoto wa chekechea habadilishi nepi wala hamnyonyeshi mtu. Shuleni kwao kuna nyakati mbili zinazowahusu wote: wakitoka chooni, na kabla ya uji wa saa 4. Nikabaki na hizo mbili. Nilikuwa pia nimeandika kuhusu hedhi kwa wasichana wakubwa. Mwalimu wa malezi, mama mmoja mkali mwenye akili sana, aliipitia rasimu na kulifuta kwa mstari mmoja. Akasema hilo lina watu wake na chumba chake, wasichana wa darasa la tano hadi la saba peke yao, wawe huru kuuliza. Ukilisema mstarini mbele ya wavulana, msichana atakachokumbuka ni kicheko.

Muda nikaenda kuupima. Siku moja nilisimama nje ya uzio nikatazama mstari mzima. Unaanza saa 1:30, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha na sare, matangazo ya mwalimu wa zamu, na saa 2:00 kamili kipindi cha kwanza kinaanza. Kilichobaki katikati ni robo saa, tena kama hakuna matangazo mengi. Na mimi niliomba saa moja! Kipindi kizima cha darasa la tatu na kuendelea ni dakika 40. Nikaomba 12, nikazipanga moja moja, kisha nikafanya mazoezi uani kwangu na saa ya simu. Mara ya kwanza nilitumia 21.

Vifaa navyo vilibadilika. Nilikuwa nimepanga ile michezo ya sahani ya maji na pilipili manga, unayochovya kidole chenye sabuni na pilipili zinakimbia pembeni. Nikaijaribu kwa watoto wa jirani. Walifurahi sana, halafu mmoja akaniambia vijidudu vinaogopa sabuni kwa hiyo ukichovya kidole kimoja inatosha. Amejifunza uongo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Pilipili hukimbia kwa sababu sabuni inalegeza utando wa juu wa maji, haihusiani na uchafu wa mkononi ambao unatakiwa kusuguliwa na kusuuzwa. Isitoshe, sahani haionekani kwa mtoto aliyesimama mstari wa kumi na mbili.

Mwisho nikapata hili: masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kula, kijiko kimoja kimoja. Watoto wawili wanapakwa viganjani. Mmoja ananawa kwa maji matupu, mwingine kwa maji na sabuni, wote kwa hesabu ya polepole mpaka 20. Kisha kila mmoja anajifuta kwenye kitambaa cheupe. Vitambaa vinainuliwa juu. Nilitumia shuka kuukuu nililolikata vipande viwili vikubwa, na nikamtuma mwanangu asimame mwisho wa uwanja wa mpira kuona kama tofauti inaonekana. Ilionekana. Sababu yake ni rahisi kumweleza mtoto: uchafu wa mkononi umeshikwa na mafuta ya ngozi, maji peke yake yanateleza juu ya mafuta, sabuni ndiyo inayoyashika na kuondoka nayo.

Barua iliyopelekwa ni hii, nimeondoa majina tu.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ............,
S.L.P. ......, Morogoro.

YAH: OMBI LA KUTOA WASILISHO FUPI LA USAFI WA MIKONO MSTARINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu shuleni kwako na mkazi wa mtaa wa ......... Naomba nafasi ya kuzungumza na wanafunzi siku moja wakati wa mstari wa asubuhi.

Lengo ni kwamba baada ya wasilisho kila mwanafunzi aweze kutaja nyakati mbili za kunawa akiwa shuleni (akitoka choo na kabla ya uji), na aweze kunawa kwa sabuni kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Ili hilo liwezekane, nitaiachia shule vibuyu chirizi vinne vilivyo tayari kutumika, viwekwe mahali mtakapoelekeza.

Muda ninaoomba ni dakika 12: salamu na swali moja dakika 2, onyesho la wanafunzi wawili dakika 5, wanafunzi wote kuigiza hatua za kunawa dakika 3, kuonyesha kibuyu chirizi dakika 2. Nitakuwa tayari kabla ya saa 1:15 na nitakoma mwalimu wa zamu atakaponionyesha ishara.

Vifaa vyote nitakuja navyo: maji lita 40, ndoo yenye koki, mabeseni mawili, sabuni ya mche, vitambaa viwili, mchanganyiko wa masizi na mafuta. Kutoka shuleni naomba meza moja, na wanafunzi wawili watakaochaguliwa na mwalimu wa afya siku moja kabla. Sitauza wala kutangaza bidhaa yoyote.

Naambatanisha barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa. Niko tayari kuja kwa mazungumzo siku utakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(sahihi, jina, simu)
Nakala: Afisa Elimu Kata

Ilitosha ukurasa mmoja. Mwanzoni kulikuwa na sentensi ya kuomba kupiga picha kwa ajili ya kumbukumbu, nikaitoa kabla ya kuchapa, nikashukuru baadaye, kwa sababu mwalimu aliniambia barua zenye ombi la picha za watoto huwa anaziweka pembeni mpaka aone ridhaa za wazazi. Jibu lilikuja siku ya nne kwa njia ya simu: Alhamisi, dakika 12, njoo na maji yako.

Vibuyu chirizi tulivitengeneza na mwanangu Jumamosi. Dumu la lita 5, tundu moja chini kidogo ya shingo, unalitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Dumu linaning'inizwa kwenye mti mlalo uliobebwa na nguzo mbili zenye panda, kamba inafungwa shingoni na kushuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, na mikono yako haijagusa kitu. La kwanza nililitoboa kwa msumari mnene, likaisha kabla watu kumi hawajanawa. La pili kwa msumari mwembamba likanawisha kama watu 30. Gharama kubwa ilikuwa ndoo yenye koki, 14,000. Madumu nilipewa bure na muuza mafuta, nikayaosha mara tatu kwa sabuni na mchanga.

Siku yenyewe nilifika saa 12:50. Maji lita 40 si mchezo kuyapakia kwenye bodaboda, nililipa safari mbili. Meza ilikuwepo. Kipaza sauti cha mwalimu wa zamu kilikufa betri katikati ya wimbo wa taifa, upepo nao ukaanza. Kilichoniokoa ni mwito. Mimi nikiita "Ukitoka choo?" wao wanajibu "Maji na sabuni!" Nikiita "Kabla ya uji?" wanajibu hivyo hivyo. Sauti za watoto 640 zinafika mahali ambapo sauti yangu haifiki. Mwito huo sikuwa nimeuweka kwenye barua, niliukumbuka tu kutoka madrasa.

Vitambaa vilipoinuliwa, cha maji matupu kilikuwa na alama nyeusi za vidole vitano, cha sabuni kilikuwa na kivuli cha kijivu tu. Darasa la kwanza walipiga kelele. Hapo ndipo nilipojisahau.

Nikauliza, "Nani leo ametoka choo na hajanawa?"

Lilikuwa swali la kuchekesha kichwani mwangu. Mvulana mmoja wa darasa la pili, mkweli, akanyoosha mkono peke yake. Mstari mzima ukacheka. Alishusha mkono, akauficha nyuma ya mgongo, akaangalia chini mpaka nilipomaliza. Nilimaliza dakika moja zaidi ya muda, lakini hilo halikuniuma kama huyo mtoto. Baada ya mstari nilimtafuta nikamwomba anisaidie kufunga kibuyu cha kwanza karibu na vyoo vya wavulana. Alikuja. Hakuongea sana, ila kamba alifunga yeye. Kila swali la kuwauliza watoto lilitakiwa kuandikwa neno kwa neno kwenye maandalizi, na mtu mwingine alisome kabla. Hili mwalimu wa malezi angelifuta kama alivyofuta lile la hedhi.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Vibuyu vitatu vilikuwa vinafanya kazi, kimoja kamba imekatika. Sabuni za mche hazikuwepo hata moja. Nilizifunga kwenye soksi na kuzitundika, zikaondoka na soksi zake. Sikumlaumu mtu, sabuni nyumbani kwa wengi ni hesabu. Mwalimu wa afya ndiye aliyenipa dawa yake: pakiti ndogo ya sabuni ya unga, ya gramu 30 hivi, inakorogwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kinatobolewa, chupa inafungwa kwa kamba kwenye nguzo. Maji ya sabuni hakuna anayeyaiba, na pakiti moja inafika mbali kuliko mche. Kama ningemuuliza kabla ya kuandika orodha ya vifaa, ningeokoa miche minne na soksi za mume wangu.

Kujaza madumu kumekabidhiwa darasa la sita kwa zamu, na siku ambazo bomba halitoi, yanabaki matupu. Hilo barua yangu haikuligusa na mimi sina jibu lake. Mwalimu mkuu ameomba kamati ya shule ifikirie tangi la kuvuna maji ya mvua.

Ya wasichana nimeiandika upya kama mwalimu wa malezi alivyosema: darasani, dakika 40, wanawake watupu, vifaa vyake na mahali pa kutupa vilivyotumika vimetajwa kimoja kimoja. Nimeipeleka Jumatatu, kopi mbili. Yangu ina muhuri.